Cheti kilisema wiki 6: kisa cha binti aliyeomba kusamehewa vipindi vya michezo

Barua ilifika mezani kwangu Jumatatu tarehe 5 Februari 2024, kabla wanafunzi hawajakwenda mstarini. Aliileta mwenyewe. Alikuwa na magongo mawili ya mbao, moja limemzidi jingine kwa urefu kidogo, na mguu wa kulia umefungwa kuanzia vidole hadi chini ya goti. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akaitoa barua katikati ya daftari la Baiolojia alikokuwa ameiweka isikunjike. Nainakili hapa kama ilivyokuwa, nikiacha majina.

> Mkuu wa Shule,
> Kupitia kwa Mwalimu wa Michezo.
>
> YAH: KUOMBA KUSAMEHEWA VIPINDI VYA VITENDO VYA MICHEZO
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu B. Siku ya Ijumaa tarehe 2/2 niliumia mguu wa kulia nikicheza mpira wa pete, nikapelekwa hospitali. Daktari ameona mfupa umevunjika kwenye kifundo. Naomba kusamehewa vipindi vya vitendo vya michezo mpaka nitakapopona. Naambatanisha cheti cha daktari. Natumaini ombi langu litakubaliwa.

Cheti kilikuwa kipande cha karatasi kisichofika nusu ya ukurasa wa daftari. Kilisema: "Amevunjika fibula, mguu wa kulia, sehemu ya chini. Amefungwa. Apumzike michezo wiki 6. Arudi kliniki 15/3." Chini yake kulikuwa na jina la daktari, sahihi, tarehe na muhuri wa hospitali. Kilikuwa cheti halali, hakikuwa na walakini wowote. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni mwa barua: "Amesamehewa hadi 15/3", nikatia sahihi, nikaipeleka kwa mkuu wa shule. Kazi yote haikuchukua dakika tano.

Yale maneno yangu matatu ndiyo ninayotaka kuyachambua, kwa sababu yalikuwa na makosa mawili, na yule binti ndiye aliyeyalipia.

Tuanze na mguu wenyewe, maana bila kuujua barua haieleweki. Fibula ni ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi. Ncha yake ya chini ndiyo lile nundu unaloligusa upande wa nje wa kifundo cha mguu. Binti alikuwa akicheza senta. Aliruka kudaka pasi, akatua juu ya kiatu cha mwenzake, mguu ukapinda kwa ndani. Mara nyingi ajali ya namna hiyo huishia kwenye kano za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, na mtu huteguka tu. Safari hii ncha ya mfupa nayo ikapasuka. Eksrei ilionyesha ufa mmoja, vipande havijaachana, kwa hiyo hakuhitaji upasuaji. Siku ya kwanza walimfunga nusu hogo, yaani plasta iliyoshika nyuma ya mguu tu na bandeji mbele, ili uvimbe upate nafasi. Baada ya siku kumi uvimbe uliposhuka wakamfunga hogo kamili.

Wiki 6 si namba iliyookotwa. Ndio muda ambao mvunjiko wa aina hiyo kwa kijana mwenye afya huhitaji ili mfupa ushikane kiasi cha kumruhusu kukanyaga bila plasta. Lakini tazama maana yake: ni muda wa mfupa kushikana. Tarehe 15/3 kwenye cheti ilikuwa tarehe ya kukata hogo na kupiga eksrei nyingine. Daktari hakuandika mahali popote kwamba siku hiyo binti atarudi uwanjani. Mimi ndiye niliyeigeuza tarehe ya kliniki kuwa tarehe ya kupona. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nimeliona likirudiwa na walimu wenzangu zaidi ya kosa lingine lolote katika barua za namna hii. Tunasoma cheti kama tunavyosoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti ya maziwa: kabla ya siku hiyo hapana, baada yake ndiyo.

Kosa la pili lilianza kuonekana siku ya pili yake.

Kidato cha tatu B walikuwa na kipindi cha vitendo kila Jumanne, vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Binti alisamehewa, kwa hiyo akaenda kukaa chini ya mwembe ulio pembeni mwa uwanja. Kule kuna jiwe ambalo watoto hukalia wakifunga kamba za viatu. Alikaa hapo dakika zote 80, mguu ukining'inia. Jumanne ya pili nilipopita kumsalimu niliona vidole vyake vimejaa na kung'aa kama vimepakwa mafuta, vimewiva rangi. Nikamuuliza kama vinauma. Akasema vinauma jioni, hasa siku za Jumanne.

Mguu uliofungwa ukining'inia muda mrefu, damu na majimaji hushuka na kukwama huko chini, na plasta haitanuki. Nilimletea kiti cha pili na begi la vitabu ili aunyanyue mguu, nikamwambia achezeshe vidole kila baada ya muda. Uvimbe ukashuka kabla kipindi hakijaisha, ikawa salama. Lakini kila mwalimu ajue hili: ikiwa mtoto aliyefungwa hogo anasema maumivu yanazidi badala ya kupungua, au vidole vimekufa ganzi, vimekuwa vya baridi, vimebadilika kuwa vya bluu au vyeupe, au hawezi kuvichezesha, hapo hakuna kusubiri kengele. Anapelekwa hospitali saa ileile, hogo lilegezwe au likatwe. Misuli inayokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.

Ninalotaka kuonyesha kwa mwembe ule ni hili. Binti aliomba kusamehewa "vitendo", mimi nikampa kusamehewa somo. Kwa wiki sita hakufundishwa chochote siku ya Jumanne. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Mikono miwili, macho na akili vilikuwa vizima. Cheti kilisema apumzike michezo, hakikusema akae juu ya jiwe. Lakini pia cheti hakikusema anaweza kufanya nini, na barua yake haikuuliza. Daktari hajui kipindi changu kina nini ndani yake. Akisikia "michezo" anafikiria mechi, kukimbia, kugongana, na anakataza hayo yote kwa neno moja. Mwalimu naye hajui mfupa, kwa hiyo akiona neno "apumzike" anaogopa hata kumpa mtoto mpira. Kati ya hao wawili hakuna aliyekosea katika kazi yake, ila kila mmoja anadhani mwenzake ameshasema lile ambalo halijasemwa.

Ijumaa tarehe 15 Machi hogo lilikatwa. Eksrei ikaonyesha mfupa umeshikana vizuri. Jumatatu binti akaja shuleni bila magongo, amevaa viatu viwili, na darasa zima likampigia makofi. Mimi pia nilifurahi. Cheti kilikuwa kimeisha, na hakuleta kingine, kwa sababu hakuna aliyemwambia alete. Siku ya pili, Jumanne tarehe 19, sikuwepo shuleni. Mwenzangu aliyenishikia kipindi alitazama daftari la mahudhurio, akaona "hadi 15/3", akampanga na wengine.

Kilichotokea ni kidogo sana kukieleza. Walianza na mbio za kupasha mwili joto, mizunguko miwili, na binti alimaliza akichechemea kidogo. Kisha wakaingia kwenye zoezi la kudaka na kusimama. Katika mpira wa pete mtu aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Akitua kwa mguu mmoja, mguu huo ndio unaokuwa nguzo. Anaweza kupiga hatua kwa mguu wa pili, lakini ule wa kwanza akishaunyanyua hauruhusiwi kugusa chini tena kabla hajauachia mpira, na anazo sekunde 3 tu za kuuachia. Ni sheria inayolazimisha mwili wote uliokuwa unakwenda mbio usimame juu ya kifundo kimoja. Kwa kifundo kizima ni kazi. Kwa kifundo kilichotoka kwenye plasta siku nne zilizopita ni mtego. Alidaka, akatua kwa mguu wa kulia, ukapinda kwa ndani vilevile kama mara ya kwanza, akakaa chini.

Jumatano walirudi hospitali. Tulishukuru: mfupa haukuachana tena, kano ndizo zilizovutika. Alhamisi mama yake alikuja shuleni. Hakupaza sauti. Aliketi ofisini kwa mkuu wa shule, akaweka nakala ya barua ya tarehe 5 mezani, akauliza, "Mwalimu, barua nilileta, cheti nilileta. Mlitaka nilete nini tena?"

Swali lake lina jibu, ila jibu hilo tulipaswa kumpa sisi tangu Februari.

Kwanza, nieleze kwa nini mguu uliopona kwenye eksrei haukuweza kutua. Plasta inapokaa wiki 6, mfupa unajenga lakini vingine vyote vinabomoka. Misuli ya shavu la mguu hupungua haraka kwa kukosa kazi. Kifundo hukauka, hasa ule mjongeo wa kuleta goti mbele ya vidole huku kisigino kikiwa chini, ambao ndio unaotumika kila unapochuchumaa, unaposhuka ngazi na unapotua kutoka juu. Na kuna kitu cha tatu ambacho hakionekani kwa macho: hisia ya mguu kujua uko wapi. Katika kano na misuli ya kifundo mna mishipa ya fahamu inayotoa taarifa kwamba mguu umeanza kupinda, na misuli ya nje hukaza kabla hujafikiri. Kano zikiumia na mguu ukikaa bila kazi, taarifa hiyo huchelewa. Ndiyo maana aliyewahi kuteguka kifundo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena kuliko ambaye hajawahi. Eksrei inapiga picha mfupa tu. Hayo mengine haiyaoni.

Safari hii sikusubiri cheti kije chenyewe. Nilikaa na binti na mama yake tukaandika karatasi ya ukurasa mmoja kwenda kwa daktari. Haikuwa barua ya kuomba chochote. Juu niliandika kwamba mwanafunzi ana kipindi cha vitendo cha dakika 80 kila Jumanne, na chini yake nikaorodhesha mambo yanayofanyika humo, kila moja na mstari wake: kutembea uwanjani, kusimama muda mrefu, mbio za polepole kwenda mbele, mbio za kasi, kugeuka ghafla, kuruka na kutua kwa miguu miwili, kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kurusha na kudaka mpira akiwa ameketi, kurusha akiwa amesimama, mazoezi ya tumbo na mikono akiwa amelala, mechi yenye kugongana. Mbele ya kila mstari niliacha nafasi tatu: ndiyo, hapana, ndiyo kwa masharti. Mwisho nikauliza swali moja: tarehe ya kurudi kliniki ni lini, na je, kabla ya tarehe hiyo kuna lolote linaloruhusiwa kuongezwa?

Mama aliipeleka siku ya kliniki, Ijumaa tarehe 5 Aprili. Ilirudi imejazwa yote, kwa mwandiko ulio wazi kuliko ule wa cheti. Kurusha akiwa ameketi: ndiyo. Mazoezi ya kulala: ndiyo. Kutembea: ndiyo. Mbio za polepole: ndiyo kwa masharti, "zikiwa hazileti maumivu wala uvimbe kesho yake". Kuruka, kugeuka na mechi: hapana, hadi aonekane tena mwisho wa Mei. Pembeni daktari aliongeza kwamba amempa mazoezi ya kufanya nyumbani na angependa ayafanye shuleni pia. Ilimchukua dakika chache tu kuijaza. Daktari huyohuyo ndiye aliyeandika "apumzike wiki 6". Aliulizwa swali zuri zaidi, akatoa jibu zuri zaidi.

Naomba nigusie jambo la siri ya mgonjwa hapa. Karatasi ile haikuuliza ugonjwa. Mwalimu hana haja ya kujua mtoto amevunjika nini au ameugua nini; ana haja ya kujua mwili wake unaruhusiwa kufanya nini. Kuna wanafunzi ambao maumivu ya mguu wao yanatokana na maradhi wasiyotaka yajulikane darasani, na karatasi ya namna hii inawahifadhi. Iende na kurudi kupitia kwa mzazi, na ikifika shuleni isibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya walimu. Nimeshaviona vyeti vya watoto vimebandikwa hapo.

Wapo watakaosema wengine wanatega. Wapo kweli. Lakini anayetega anapenda sana neno "kusamehewa" likiwa tupu, kwa sababu linamtoa kwenye kipindi. Karatasi inayosema atarusha mpira akiwa ameketi na atanyanyua mwili kwa mikono haimtoi popote. Kama cheti chenyewe kina shaka, hakina jina, hakina tarehe, muhuri haueleweki, mzazi anaulizwa, na kwa idhini yake hospitali inaulizwa jambo moja tu: je, cheti hiki kimetoka kwenu?

Jumanne ya tarehe 9 Aprili nilimpima. Sikuwa na chombo chochote ila chaki, rula, utepe wa fundi cherehani na ukuta wa stoo ya michezo. Vipimo hivi wataalamu wa fiziotherapia huvitumia kila siku, na uzuri wake ni kwamba mguu mzima ndio unaokuwa kipimo cha mguu mgonjwa, kwa hiyo huhitaji jedwali la mtu mwingine.

Cha kwanza ni goti ukutani. Mtoto anavua viatu, anaweka mguu ukiuelekea ukuta, kisigino hakinyanyuki, anasukuma goti mbele mpaka liguse ukuta. Ukiweza, unausogeza mguu nyuma kidogo na kujaribu tena. Unapima umbali wa mwisho kati ya ncha ya kidole gumba na ukuta. Mguu wa kushoto ulitoa sentimita 11. Wa kulia ulitoa 5. Hapo tu nilielewa kwa nini alianguka. Kifundo kisichokunja kikifika mwisho wa mjongeo wake wakati wa kutua, hutafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni kupinda.

Cha pili ni kusimama kwa mguu mmoja na kunyanyua kisigino juu kabisa, kidole kimoja kikigusa ukuta kwa ajili ya mizani tu. Kushoto alinyanyua mara 22. Kulia mara 4, na ile ya nne kisigino hakikufika juu. Cha tatu ni kusimama kwa mguu mmoja bila kushika chochote: kushoto alifika sekunde 30 nikamwambia inatosha, kulia sekunde 9. Shavu la mguu, nililolipima sentimita 10 chini ya pia ya goti, lilikuwa limepungua sentimita 2 kwa upande wa kulia. Alipoona utepe alishtuka. Alidhani amepona isipokuwa ana woga.

Kipimo cha kuruka sikukigusa siku hiyo. Daktari alikuwa ameandika hapana, na vipimo vya mwalimu havipandi juu ya hapana ya daktari. Rula na ukuta haviwezi kuona kama mfupa umeshikana. Kazi yake huanza pale tu daktari anapokuwa ameshasema mfupa uko salama, na kazi hiyo ni kujaza pengo lililopo kati ya "mfupa umepona" na "mtoto anaweza kucheza".

Kuanzia hapo Jumanne zake zilikuwa na kazi. Dakika 20 za kwanza alifanya mazoezi aliyopewa: kusukuma goti ukutani, kunyanyua visigino kwa miguu miwili kisha kwa mmoja, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzake akimrushia mpira. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, na wenzake walilipenda wakawa wanaligombania. Muda uliobaki alikuwa ndani ya kipindi kama wengine. Nilikuwa na kanuni moja ya kuongeza mzigo, ileile ya daktari: asubuhi ya kesho yake aniambie kama kifundo kimevimba au kinauma kuliko jana. Kikiwa hivyo, Jumanne inayofuata tunarudi hatua moja nyuma. Ilitokea mara moja, baada ya kujaribu mbio za mizunguko mitatu.

Sasa alama. Hili lilimuumiza binti kuliko mguu, na lilikuwa kosa letu peke yetu.

Shuleni tulikuwa tunagawa alama 100 za muhula hivi: nadharia 60, vitendo 40. Vitendo vilikuwa na majaribio matatu: kuongoza mazoezi ya kupasha mwili joto alama 10, ufundi wa mpira alama 15, kucheza mechi alama 15. Binti alipata 46 kwenye nadharia. Kwenye vitendo alikuwa ameandikiwa 0, 0 na 0, maana hakufanya. Jumla 46, yaani C kwa mpangilio wa madaraja wa kidato cha nne, ambao C inaanzia 45. Mwanafunzi aliyejibu zaidi ya robo tatu ya maswali aliyoulizwa amepewa alama moja tu juu ya mwanzo wa C.

Sifuri ni alama. Inasema mtoto amepimwa akaonekana hawezi. Huyu hakupimwa, na nafasi yake kwenye daftari ilitakiwa iandikwe "hakupimwa". Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua alama za nadharia peke yake na kuzigeuza ziwe za mia: 46 kwa 60 ni karibu asilimia 77, anapata A. Ni njia ya haraka, na kama mtoto yuko kitandani muhula mzima hakuna budi kuifuata. Lakini sikuipenda kwa sababu inampa alama ya vitendo ambayo hakuna anayejua imetoka wapi, na aliyefanya vizuri nadharia tu anafaidika kuliko wenzake waliotoka jasho.

Njia ya pili ni kupima stadi ileile kwa mwili unaoruhusiwa. Tuliifuata hiyo. Kuongoza mazoezi ya kupasha mwili joto hakuhitaji kifundo: alisimama mbele ya darasa, akaeleza, akapanga mfuatano, akamrekebisha mwenzake aliyekuwa anainama vibaya. Akapata 8 kati ya 10. Ufundi wa mpira ulipimwa akiwa kitini, mita 3 kutoka ukutani, akilenga duara la chaki kwa pasi ya kifua na ya bega kwa sekunde 30 mara tatu. Alipata 11 kati ya 15. Badala ya kucheza mechi aliisoma mechi: alipewa karatasi yenye majina ya nafasi saba za kila upande, na kwa robo moja ya dakika 15 akaandika kila pasi iliyopotea, nani aliipoteza, na kwa nini, kama ni hatua, sekunde 3 au mlinzi kusimama karibu kuliko sentimita 90. Kisha akaniambia yeye angembadilisha nani. Alikuwa sahihi, na wachezaji wenyewe walikiri. Alipata 12 kati ya 15. Vitendo 31, nadharia 46, jumla 77.

Kuna mwenzangu aliyesema si haki, mwingine anakimbia juani na mwingine anapata alama akiwa kitini. Namheshimu, lakini ile karatasi ya pasi ilikuwa ngumu. Nilimpa yeye aijaze robo iliyofuata, akaniachia katikati. Niliyoikataa ni ile desturi ya kumpa mgonjwa kazi ya kuokota mipira, kulinda mabegi ya wenzake au kunakili sheria za mchezo kutoka kitabuni, kisha ikaitwa kazi mbadala. Hapo hakuna stadi inayopimwa. Wala sikumpa filimbi mapema. Watu hudhani kuamua mechi ni kazi ya mgonjwa, lakini mwamuzi wa mpira wa pete hukimbia pembeni ya uwanja wa mita 30.5 muda wote na hugeuka kila mpira unapogeuka.

Mwisho wa Mei daktari alimwona tena akaruhusu kuruka kwa hatua. Goti ukutani lilikuwa sentimita 9 kwa 11, visigino 17 kwa 22, mizani sekunde 30 pande zote. Likizo ya Juni alifanya mazoezi nyumbani. Mama yake alinihakikishia, na utepe nao ulisema. Shule ilipofunguliwa, Jumanne tarehe 9 Julai, tulipima kuruka: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka mbele, kutua kwa mguu uleule na kutulia bila kuyumba. Mguu mzima sentimita 130. Mguu ulioumia 118, sawa na asilimia 91. Wataalamu wengi hutaka angalau 90 kabla ya mechi. Nilimtazama zaidi alivyotua kuliko alivyofika mbali: goti lilikaa juu ya vidole, halikuangukia ndani, na hakutazama chini.

Barua aliyoiandika wiki ile niliipenda. Ilikuwa na kichwa cha habari "Kuomba kurudi kwenye mechi kwa sehemu", na ndani yake alieleza kwamba daktari ameruhusu, vipimo ni hivi na hivi, na anaomba acheze robo moja tu kwa wiki tatu za kwanza, na asicheze senta kwa sababu senta anakimbia uwanja karibu wote. Safari hii sikuandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Niliandika "Amekubaliwa kama alivyoomba" na nikaongeza jina la mwalimu mwenzangu chini ya langu, ili nisipokuwepo awepo anayejua.

Alicheza robo ya kwanza, ulinzi wa pembeni, na kifundo amekifunga bandeji ya kubana. Alidaka mara tano na kutua mara tano. Filimbi ya mapumziko ilipolia alitoka mwenyewe bila kuambiwa, akaja kwenye meza ya waandishi wa alama, akavuta kiti cha pili, akaupandisha mguu juu yake, akaniomba kalamu.